Ukumbusho wa Ripoti ya Miono

Barua pepe yenyewe ilikuwa ya mistari michache tu. Mistari ambayo mtu mwenye akili zake anaisoma huku akisubiri chai ipoe, anasema "haya", anaendelea na shughuli zake. Lakini Mwalimu Mwinshehe wa Miono, katika miaka yake sabini na moja, hajapata kusoma mistari ya mtu akasema "haya".

Aliyeiandika ni Tabia Yahya, afisa mradi wa shirika moja dogo liitwalo Mwambao Elimu, lenye ofisi Bagamoyo mjini, vyumba vitatu na feni mbili, moja mbovu. Shirika hilo lilikuwa likipokea fedha kwa mfadhili aliyeko Dar es Salaam na kuzigawa kwa vikundi sita vya wilayani vinavyowafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Kila robo ya mwaka ikiisha, kila kikundi kinaleta ripoti ndani ya siku kumi na tano. Kikichelewa, kinaongezewa siku kumi na nne za huruma. Zikipita hizo nazo kimya, mkataba unaweza kusitishwa. Yote hayo yameandikwa katika kifungu cha tisa, na kila mwenyekiti wa kikundi alikitia sahihi bila kukisoma. Isipokuwa Mwalimu Mwinshehe, ambaye alikisoma, akasahihisha nukta mbili, ndipo akatia sahihi.

Sasa mwaka huo mfadhili alikuwa ameanza kubana. Alishasema wazi kwamba mwakani atabeba vikundi vitano tu, kimoja kitoke, na kitakachotoka ni kile chenye dosari kwenye mafaili. Mkurugenzi wa Mwambao Elimu, Bwana Haidar, alilipokea agizo hilo kwa moyo mkunjufu kabisa. Alikuwa mtu wa tabasamu jepesi na mkono mzito, mtu wa kukukata huku anakuulizia watoto.

"Sitafuti mbaya," aliwaambia wafanyakazi wake. "Nasubiri ajitokeze mwenyewe."

Na aliyekuwa anajitokeza ni Miono. Ripoti za vikundi vingine vitano zilikuwa zimeshaingia. Ya Miono, ambayo ilitakiwa tarehe kumi na tano Julai, ilikuwa haijaonekana hata Jumatatu tarehe ishirini na saba. Siku za huruma zilikuwa zimebaki mbili.

Tabia alijua kwa nini imechelewa, na kila alipoifikiria sababu hiyo damu ilimchemka. Kikundi cha Miono kilikuwa na kazi nzuri kuliko vyote. Wanawake sitini na wawili, wengine wana vitukuu, walikuwa wanakutana katika darasa la shule ya msingi watoto wakishaondoka, wakishika kalamu kwa vidole vilivyozoea mpini wa jembe. Mmoja wao alikuwa Bi Kuruthumu, dada wa mama yake Tabia, aliyemlea tangu ana miaka minne. Lakini Mwalimu Mwinshehe alikuwa ameamua kwamba ripoti ya watu wanaojifunza kuandika lazima iandikwe na hao wanaojifunza. Kila mmoja ukurasa wake, kwa mkono wake. Na ukurasa wenye kosa haupelekwi popote. Unarudiwa. Ukirudiwa ukawa na kosa jingine, unarudiwa tena. Bibi wa miaka sitini anarudia ukurasa mmoja mara nne, na huku tarehe zinakimbia.

"Mwalimu, lete hivyo hivyo ilivyo," Tabia alimwambia kwa simu katikati ya Julai. "Wanataka kuona imefika tu. Hakuna anayesoma."

Mwalimu aliyapokea maneno hayo kama tusi.

"Kama hakuna anayesoma," Mwalimu alisema, "mimi nawafundisha hawa kuandika ili iweje?"

Hilo ndilo lilikuwa tatizo lake. Alikuwa na haki, na hakuwa na faida kwa mtu yeyote.

Basi Jumatatu hiyo Bwana Haidar akapita mezani kwa Tabia, akagonga meza kwa pete. "Waandikie Miono ukumbusho. Mfupi, wa kiofisi. Ninakiliwe mimi, na anakiliwe Naila kule Dar." Naila ndiye aliyekuwa akisimamia mafaili yao kwa mfadhili. Kunakiliwa Naila maana yake kisu kimeshatolewa alani, kimewekwa mezani watu wakione.

Tabia aliketi akaitazama kompyuta. Hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke mapema, maana mbele ya safari mtamlaani. Alikaa akafikiri, akapata ujanja. Angeandika kwamba ripoti ilitakiwa tarehe ishirini na tano. Siku kumi za ziada, zimeingizwa kimyakimya kama mtu anayempenyezea mgonjwa nyama chini ya wali. Mkurugenzi hasomi barua za wengine mpaka mwisho. Naila ana mafaili arobaini. Wote wawili wamenakiliwa, wote wawili hawakupinga, basi kwenye faili tarehe itasimama kuwa ishirini na tano, na siku za huruma za Miono zitakwenda hadi tarehe nane Agosti. Kuongeza muda ni mamlaka ya mkurugenzi peke yake. Tabia alilijua hilo. Kwa sababu hiyo aliandika vibaya, haraka haraka, mtu anayetaka kumaliza kabla hajajuta:

"Kuhusu: UKUMBUSHO WA REPOTI

Ndugu Mwenyekiti,

Habari za kazi na majukumu. Nakukumbusha kwamba mpaka leo hatujapokea repoti yenu ya robo ya pili, ambayo ilitakiwa itufikie tarehe 25 Julai. Tafadhali ilete haraka iwezekanavyo kwani tunaisubiria sana hapa ofisini na pia muambatanishe mahudhurio. Shukurani zangu za dhati zikufikie.

Tabia Yahya
Afisa Mradi"

Akaituma. Kisha akamtumia Mwalimu ujumbe wa simu: "Shikamoo Mwalimu. Kuna barua pepe yako, naomba uione." Hakueleza zaidi. Mwalimu Mwinshehe humwambii kwamba unamsaidia kwa kusema uongo. Angekataa msaada, na angekuuliza uongo huo ulijifunzia wapi.

Kusoma barua pepe ukiwa Miono si jambo la kuchukua simu mfukoni, si kwa Mwalimu Mwinshehe. Anakwenda Msata, kwenye steshenari iliyo karibu na stendi, anampa kijana wa pale namba ya siri iliyoandikwa kwenye karatasi, barua inachapwa, anailipia, anaisoma amesimama. Jumanne asubuhi alisafiri, akachapiwa, akasoma. Halafu akaomba kiti.

Alitoa kalamu nyekundu mfuko wa shati. Alipofika chini ya karatasi alikuwa ameijaza mpaka pembeni. "Repoti" ameikata, juu yake "ripoti", mara mbili. "Tunaisubiria" imekuwa "tunaisubiri". "Muambatanishe" imekuwa "mwambatanishe". Kwenye "haraka iwezekanavyo" ameandika: "Lini? Taja siku." Kwenye "shukurani zangu za dhati zikufikie" ameandika: "Hii si barua ya posa." Na tarehe ishirini na tano ameizungushia duara, akachora mshale, akaandika kwa hati yake ile iliyonyooka: "15. Rejea mkataba, kifungu cha 9. Afisa hakosei tarehe."

Chini kabisa akaiandika upya yote, safi:

"Ndugu Mwenyekiti,

Nakukumbusha kwamba ripoti yenu ya robo ya pili, iliyotakiwa kutufikia tarehe 15 Julai, haijatufikia hadi leo. Tafadhali iwasilishe, pamoja na orodha ya mahudhurio, kabla ya tarehe (itajwe). Ahsante."

Na chini ya hapo: "11/20. Ripoti yetu itafika Jumatatu tarehe 3 Agosti, ikiwa haina kosa." Makosa aliyahesabu yote; siku za huruma hazikumjia akilini.

Kijana wa steshenari akaipiga picha. "Namjibu nani, Mwalimu? Huyu dada peke yake?"

Hapo ndipo palipoharibika. Mwalimu Mwinshehe alitumikia serikali miaka thelathini na minane, na katika miaka hiyo alifundishwa adabu moja ya maofisi ambayo vijana wa leo hawaijui: barua iliyonakiliwa kwa watu watatu hujibiwa kwa nakala kwa watu watatu. Kumjibu mmoja na kuwaruka wengine ni uhuni. Ni kama kumsalimia mwenyeji na kuwapita wageni wake.

"Wajibu wote," alisema. "Walionakiliwa wote."

Akalipa mia tano, akanunua na chaki, akarudi Miono akiwa ameridhika na siku yake.

Picha iliingia ofisini Bagamoyo saa sita mchana. Wa kwanza kuifungua alikuwa Bwana Haidar. Tabia alimsikia akicheka chumbani kwake, kicheko kirefu cha mtu aliyepata zawadi asiyoitarajia. Mara akatoka ameshika simu, akasimama katikati ya ofisi, akaanza kuwasomea wafanyakazi wote. Aliisoma yote, na nyekundu zake. Alipofika kwenye posa, mhasibu akainamia meza kwa kucheka, na Salumu, dereva, aliyekuwa amekuja kuchukua funguo tu, akajifuta machozi.

"Kumi na moja kwa ishirini," Bwana Haidar alisema. "Si haba, Tabia. Umefaulu. Ila nakuona mwakani nikuandikishe kisomo Miono, ukae dawati moja na mabibi."

Tabia naye alicheka, afanyeje? Alicheka mpaka taya zikamuuma, kisha akaenda chooni akafungulia bomba. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili, ana shahada, analipia ada ya mdogo wake, na mbele ya watu wote anaofanya nao kazi, na mbele ya mfadhili aliyeko Dar, mzee mmoja amemvua nguo kwa kalamu ya shilingi mia tatu. Na kwa lipi? Kwa kumwokoa! Alimchukia. Jamani, alimchukia chuki ambayo hata yeye ilimtisha. Jioni ile mhasibu alimuaga kwa kusema, "Haya, kumi na moja, tutaonana kesho." Kesho yake asubuhi hata mama muuza vitumbua wa getini alikuwa analijua jina hilo.

Asubuhi hiyo, Jumatano tarehe ishirini na tisa, barua ya Naila ilikuwa imeshaingia. Naila hakucheka. Watu wa Dar hawacheki kwa maandishi.

"Ahsante Mwalimu kwa marekebisho. Ofisi ya Bagamoyo, naomba mthibitishe leo: tarehe sahihi ya kuwasilisha ilikuwa 15 au 25 Julai? Kama muda uliongezwa, naomba barua ya mkurugenzi."

Bwana Haidar alimwita Tabia chumbani, akafunga mlango. Safari hii pete haikugonga meza. Mkataba wa Miono ulikuwa wazi mbele yake, ukurasa wenye kifungu cha tisa, na nukta mbili zilizosahihishwa na Mwalimu mwenyewe.

"Kaa. Mama mkubwa hajambo huko Miono?"

"Hajambo, Bosi."

"Alhamdulillahi. Hebu niambie, mkataba unasema tarehe ngapi?"

"Kumi na tano."

"Wewe ukaandika ishirini na tano." Alimtazama usoni. "Uliwaongezea muda, au ulikosea? Nakuuliza kwa uzuri tu. Kama uliwaongezea, umechukua madaraka yangu, na itabidi nikuandikie barua, na Naila aione. Mkataba wako wewe unaisha Desemba, si ndiyo? Kama ulikosea, ni kosa la uandishi. Binadamu tunakosea. Na kwa bahati nzuri limeshasahihishwa na mhusika mwenyewe, kwa mkono wake, na nakala tunayo."

Tabia aliiona njia ikifunguka mbele yake, pana, laini, ya lami. Kusema kweli ni kupoteza kazi. Kusema uongo ni kupitisha kalamu tu juu ya mstari ambao Mwalimu mwenyewe ameshauchora. Na kusema haki, haikuwa woga peke yake uliojibu. Ilikuwepo na raha. Raha ndogo, chungu, ya kumwona mtu anaingia kwenye shimo alilochimba kwa mikono yake.

"Nilikosea," alisema.

"Nilijua tu." Bwana Haidar alitabasamu. "Basi siku za huruma zinaisha leo. Ripoti ikifika kabla ya saa sita usiku, imefika, mimi sina neno. Isipofika, kesho barua ya kusitisha inaandikwa."

"Nimpigie nimwambie?"

Mkurugenzi alikunja midomo, kama mtu anayepima uzito wa nyama. "Ukumbusho ameshapewa. Hata kuusahihisha ameusahihisha. Lakini simu ni yako, salio ni lako. Mimi simkatazi mtu kumpigia mwalimu wake."

Kwa hiyo msije mkasema Bwana Haidar ndiye aliyefanya. Bwana Haidar aliacha mlango wazi, kwa sababu alikuwa anamjua aliyemwachia.

Tabia alirudi mezani saa nne asubuhi. Simu ilikuwa pale. Yangetosha maneno machache: Mwalimu, piga picha kurasa hizo zenye makosa, mpe kijana wa Msata azitume leo. Msata ilikuwepo, steshenari ilikuwepo, siku nzima ilikuwepo. Alilitafuta jina lake, akaliona, "Mwl Mwinshehe", kidole kikasimama juu yake. Mhasibu akapita na kikombe cha chai. "Vipi, Kumi na Moja? Unaandika nyingine?"

Kidole kikaondoka.

Saa saba aliichukua tena simu. Akajiambia: huyu mzee anajua kusoma mkataba. Kifungu cha tisa amekitaja mwenyewe. Kama anajua kuhesabu makosa ya watu, na ahesabu siku kumi na nne. Saa kumi alijiambia atapiga akifika nyumbani. Alipofika nyumbani alikula, akaoga, akatazama tamthilia mpaka ikaisha, simu imelala kifudifudi pembeni yake, na ilipofika saa sita usiku alikuwa macho. Aliisubiri ipite. Ilipopita akavuta shuka.

Barua ilisainiwa Alhamisi na kugongwa mhuri. Jumatatu tarehe tatu Agosti Salumu aliwasha gari la ofisi, Tabia akakaa mbele na bahasha kwenye mapaja, nakala mbili, moja ya kuacha na moja ya kurudi nayo ikiwa na sahihi ya mpokeaji. Nyuma walipakia maboksi matupu ya kurudishia vifaa. Aliomba atumwe mtu mwingine. Bwana Haidar alimuuliza, kwa upole wake ule, afisa mradi wa Miono ni nani.

Walifika saa tisa na nusu, darasa limejaa. Wanawake walimwona mlangoni wakapiga vigelegele, maana walijua amekuja kuchukua ripoti. Wangefikiri nini kingine? Ilikuwa ndiyo siku yake. Ilikuwa mezani kwa Mwalimu, kurasa sitini na mbili zimeshonwa kwa uzi mweusi upande mmoja, jalada la karatasi ya kaki limeandikwa kwa wino wa buluu.

Bi Kuruthumu alitoka kwenye dawati lake la mbele, dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yamebanwa. Alimshika mpwa wake mikono yote miwili.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Ukurasa wa saba ni wangu. Nimeunakili mara tano, leo asubuhi ndipo amenipitisha. Ufungue uone."

"Nitauona," Tabia alisema.

Mwalimu Mwinshehe alisimama. Shati jeupe, kalamu mfukoni. Hakuwa na kinyongo hata chembe, maana kwake yeye kumsahihisha mtu ni kumtendea wema. "Karibu, Tabia. Umefanya vizuri kuja mwenyewe. Nilijua hukupenda alama zile, lakini barua ya pili utaiandika bora." Akainyanyua ripoti kwa mikono miwili, akamkabidhi. "Kurasa sitini na mbili. Hakuna kosa."

Tabia hakunyoosha mkono. "Siruhusiwi kuipokea, Mwalimu." Akampa bahasha.

Mzee aliweka ripoti mezani, akafungua bahasha, akasoma. Alisoma mara moja, macho yakapanda juu, akasoma tena. Tabia alimwona uso ukimshuka, akamwona akitafuta kwenye karatasi ile mahali pa kupinga, akapata tarehe, kumi na tano Julai, sahihi kabisa, na maneno "kama ulivyothibitisha wewe mwenyewe kwa maandishi ya tarehe 28 Julai". Hapo Tabia aliisubiri ile raha ya Jumatano ije. Haikuja.

"Mwalimu, twende nje tuzungumze."

"Ulijua siku zinaisha Jumatano?" aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Nilijua."

"Na simu yangu unayo."

"Ninayo."

Mwalimu aliinamisha kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu na kukuta linakubali. Alipoinua uso ulikuwa mkavu.

"Imeandikiwa kikundi," alisema. "Kikundi hiki hapa." Akaligeukia darasa. "Leo tutasoma barua ya ofisi. Barua halisi, imetoka Bagamoyo, ina mhuri. Kuruthumu, njoo mbele."

"Mwalimu, tafadhali," Tabia alisema.

"Simama pale pembeni, usimkatishe msomaji."

Bi Kuruthumu alikuja amejaa furaha. Katika maisha yake barua zote za ofisi alikuwa akisomewa na watu wengine, wengi wao waongo. Aliipokea kwa ncha za vidole asije akaichafua, akaisogeza mbali na macho, akaanza. Alisoma kama wanavyosoma wote wanaoanza, silabi baada ya silabi, kidole kikitangulia, nguvu zake zote zikiwa kwenye herufi, hakuna iliyobaki kwa ajili ya maana.

"Tu-na-pe-nda. Tunapenda. Ku-wa-ta-a-ri-fu. Kuwataarifu." Darasa likamtia moyo. "Ku-wa. M-ka-ta-ba. Mkataba. We-nu. U-me-si-ti-shwa. Umesitishwa." Akapita bila kusimama. "Ku-a-nzi-a. Kuanzia. Ta-re-he." Akavuka tarehe, akavuka kifungu cha tisa, akavuka "vitabu, taa za sola na vifaa vyote vya mradi vikabidhiwe kwa afisa". Jasho lilimtoka puani. Alichukua muda mrefu. Alipofika chini kabisa alisimama, akatazama vizuri, uso wote ukamfunguka.

"Ta-bi-a. Tabia! Ya-hya. Tabia Yahya." Akamgeukia mpwa wake. "Ni jina lako hili. Nimelisoma jina lako, mwanangu, hakuna aliyenionyesha."

Wakapiga makofi. Darasa zima, makofi na vigelegele, wengine wakapiga madawati kwa viganja. Mwalimu Mwinshehe aliwaacha wapige. Alisimama mikono nyuma, akamtazama Tabia, akahakikisha anasikia mpaka la mwisho.

Aliyeacha kupiga makofi wa kwanza ni Bi Hija, mwanamke mwembamba wa dawati la nyuma, ambaye hakuwa na karatasi ya kumhangaisha macho na kwa hiyo alikuwa amesikiliza tu.

"Mnashangilia nini?" aliuliza. "Si tumefungiwa."

Makofi yakapungua, moja moja, yakaisha. Bi Kuruthumu aliirudia karatasi. Kidole kikapanda kutoka kwenye jina, kikapita mhuri, kikapita vifaa, kikalitafuta neno moja na kulipata. Alilisoma kimya, midomo ikicheza. Akalirudia. Kisha alimfuata Tabia pale pembeni alipokuwa amesimama, akamsogezea karatasi karibu, akalionyesha neno kwa ukucha, na kumwambia kwa sauti ndogo ili wenzake wasisikie.

"Hapa nimekosea, siyo? Nisahihishe."

Tabia alilitazama neno. Alimtazama na mama yake mkubwa, ambaye alikuwa anasubiri kwa imani yote kwamba kosa ni lake.

"Hujakosea, Mama Mkubwa," alisema. "Umesoma sawasawa."